Sura ya 6: Mashine ya Milioni 26 na Vipele vya Ndevu

Muuzaji wa mashine za urembo hana hesabu ndefu. "Mama, wateja watano tu kwa siku. Kila mmoja 80,000. Siku 26 za kazi, hapo una milioni 10 na laki 4 kwa mwezi. Mashine ni milioni 26. Miezi miwili na nusu pesa yako imerudi, kuanzia hapo unakula faida tu." Anasema hivyo kwa simu kutoka Dar es Salaam, kisha anatuma video ya mashine nyeupe ya leza ya kuondoa nywele, yenye kioo kikubwa, ikiwaka taa za buluu.

Anayeambiwa ni nesi aliyestaafu, anayeishi Berega. Mafao yake yametoka, yako benki, na kila ndugu ana wazo lake la namna ya kuyatumia. Yeye ana wazo bora kuliko yao: kwa miaka yote aliyofanya kazi ameona vijana na watu wazima wenye vipele vya ndevu visivyoisha, wanawake wanaonyoa kidevu kwa siri, na nyuso zenye mashimo ya chunusi. Anajua kuwa shida ipo. Nesi huyu ni wa mfano, na bei nitakazotumia ni za mfano pia. Msomaji afute zangu aandike zake. Hesabu yenyewe ndiyo ninayotaka tuifuatilie hatua kwa hatua, kwa sababu watu wengi huifanya nusu tu, wakaishia pale pale alipoishia muuzaji.

Muda wa kurudisha mtaji ni kitu chepesi kukieleza. Unachukua fedha yote iliyotoka mfukoni hadi mashine ianze kazi, unaigawa kwa fedha inayobaki kila mwezi baada ya kulipa gharama zote za kuiendesha. Jibu ni idadi ya miezi. Muuzaji naye amegawa, ila juu ameweka bei ya mashine peke yake, na chini ameweka mauzo badala ya kinachobaki. Hilo ni kosa la wazi, tutalirekebisha upesi. Kosa lililojificha liko kwenye wale wateja watano wa kila siku.

Kabla ya fedha, lakini, kuna swali la ngozi, na likijibiwa vibaya hesabu yote inayofuata haina kazi.

Leza ya kuondoa nywele haikati nywele. Hurusha mwanga wa rangi moja, mwanga huo unanyonywa na melanini, yaani rangi nyeusi iliyomo kwenye nywele, unageuka joto, na joto linaunguza shina la nywele chini ya ngozi. Msingi huu ulielezwa na Anderson na Parrish mwaka 1983 na bado ndio unaotumika. Ugumu ni kwamba ngozi nyeusi nayo imejaa melanini. Mwanga hauulizi kama melanini hii ni ya nywele au ya shavu. Kwenye kipimo cha ngozi kilichoanzishwa na Fitzpatrick mwaka 1975, ambacho baadaye kiliongezwa ili kizihusishe ngozi nyeusi, wateja wengi wa Berega, Kilosa na Mikumi wako daraja la tano na la sita, mwisho kabisa wa ngazi.

Kwa ngozi hizo mwanga mrefu ndio salama zaidi, kwa kuwa hunyonywa kidogo juu ya ngozi na kupenya chini zaidi. Mashine iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, ndiyo inayoaminika zaidi. Mashine ya dayodi ya nanomita 808 au 810 inaweza kutumika, kama mtumiaji anajua kupunguza nguvu, kurefusha muda wa kila pigo la mwanga, na kama ncha yake inapoa barabara. Leza ya nanomita 755, iliyo maarufu kwa ngozi nyeupe, ikae mbali. Na ile mashine ya bei rahisi iitwayo IPL, ambayo si leza bali ni taa kali yenye mchanganyiko wa mianga, ndiyo ya kuogopwa hasa. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba kwenye karatasi inarudisha mtaji haraka kuliko zote. Kwenye ngozi ya daraja la sita inaacha malengelenge, kisha mabaka yenye umbo la mstatili, sawasawa na kioo cha mashine. Mteja wa namna hiyo atatembea na tangazo lako usoni kwa miezi, na Berega kila mtu anamjua kila mtu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni urefu wa mwanga kwa nanomita, na jibu lisomwe kwenye kibao cha mashine. Kipeperushi hakitoshi. Swali la pili ni kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ambayo hadi 2019 ilijulikana kama TFDA. Akianza kuzunguka, simu ikatwe.

Tuseme mashine ya nesi wetu ni dayodi ya 808 inayopoza vizuri. Sasa fedha.

Bei ni milioni 26. Umeme wa Berega, kama wa vijiji vingi, hupanda na kushuka, na leza ikikatikiwa umeme katikati ya kazi, pampu ya maji ya kupoza husimama ilhali kichwa bado ni cha moto. Kifaa cha kutuliza umeme pamoja na betri ya akiba: milioni 1.8. Chumba kinahitaji kiyoyozi, kwa sababu mashine inayopozwa kwa maji haiwezi kupoa ndani ya chumba chenye joto: milioni 1.4. Kitanda, miwani ya kukinga macho ya mteja na ya mtoa huduma, maji yaliyochujwa kwa mvuke, na mafunzo ya wiki mbili Dar es Salaam pamoja na kula na kulala: milioni 1.8. Kusafirisha hadi Berega na kufunga: laki 5. Jumla milioni 31 na nusu. Mashine haijatoa pigo hata moja na tayari tumepita bei ya muuzaji kwa milioni 5 na nusu.

Chini ya mstari, tuanze na bei ya huduma. Ile 80,000 ni bei ya mjini. Mwanamume wa Berega ananyolewa kwa fedha isiyofika hata sehemu ya kumi ya hiyo, na anaona kinyozi wake ni ghali. Nesi ameuliza watu anaowafahamu, walimu, wafanyakazi wenzake wa zamani wa hospitali, askari mmoja wawili, na 40,000 kwa awamu moja ya kidevu na shingo ndiyo bei ambayo mtu haiitikii kwa kicheko. Tuichukue hiyo.

Tuangalie awamu moja ilivyo. Mteja ananyolewa kwa wembe mpya, maana nywele ndefu juu ya ngozi huunguza ngozi yenyewe. Anavaa miwani, anapakwa jeli baridi, kisha kichwa cha mashine kinapita taratibu kutoka sikio hadi sikio. Kuna mlio mdogo wa kila pigo, kuna harufu ya nywele iliyoungua, na mteja wa mara ya kwanza lazima aulize, "Hivi hii ndivyo inavyotakiwa kuwa?" Jeli, wembe, glovu na pamba vinakula 3,000. Umeme 1,000. Mtoa huduma 8,000. Hapa nesi atasema mtoa huduma ni yeye mwenyewe, hajilipi. Ajilipe. Muda wake ungeweza kuuzwa mahali pengine, na siku atakapougua au kusafiri kwenda msibani atamlipa mtu. Zinabaki 28,000 kwa kila awamu.

Na uchakavu wa kichwa? Wauzaji hupenda kutaja kwamba kichwa kina mapigo milioni 10 au 20. Hata tukiamini milioni 2 tu, na kichwa kipya kinauzwa milioni 6, kila pigo ni shilingi 3. Kidevu na shingo hutumia kama mapigo 300, yaani 900 kwa mteja. Ni kidogo. Lakini vichwa vya dayodi havifi kwa uzee wa mapigo peke yake. Vinakufa kwa maji ya bomba yaliyotiwa na mtu aliyeona ya kununua ni ghali, yakaziba mifereji myembamba ya kupoza, kwa vumbi, kwa umeme uliokatika. Dalili yake ni kwamba ncha inaanza kuwa vuguvugu badala ya baridi, mteja analalamika inachoma, na mtoa huduma anapunguza nguvu ili asilalamike, matokeo yanapungua bila mtu kujua kwa nini. Ndiyo maana ninapendelea akiba ya matengenezo iwekwe kwa mwezi, mashine ifanye kazi isifanye. Tuweke 200,000. Pango la chumba 120,000. Matangazo na vocha 80,000. Gharama za kila mwezi zisizotegemea wateja ni 400,000.

Sasa turudi kwa wale wateja watano kwa siku.

Saluni ya kusuka inaishi kwa mteja mmoja kurudi. Anasukwa leo, baada ya wiki tatu anafumua, anarudi, na atarudi mpaka azeeke. Leza iko kinyume. Nywele huota kwa zamu, na mwanga huua zile tu zilizo kwenye hatua ya kukua, kwa hiyo mteja anahitaji awamu 6 hadi 8 zenye nafasi ya wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo, kama kazi imefanyika vizuri, anaondoka. Pengine atarudi mara moja kwa mwaka kusafisha zilizobaki. Ukifanya kazi yako vizuri unampoteza mteja, na ukiifanya vibaya unampoteza pia. Nimewaona wafanyabiashara wazoefu, wenye maduka yanayokwenda vizuri, wakikosea hapa, kwa sababu maisha yao yote mteja mzuri ni yule anayerudi.

Kwa hiyo usihesabu wateja kwa siku. Hesabu watu wapya kwa mwezi, kisha uzidishe kwa idadi ya awamu ambazo mtu wa kawaida atamaliza. Si wote wanaomaliza sita. Wengine wanaona vipele vimepungua baada ya awamu tatu wanatosheka; wengine ada ya shule imefika; wengine wamehamishwa kituo cha kazi. Tuseme wastani ni awamu 4. Nesi akipata watu wapya 12 kila mwezi, mambo yakishakaa sawa atakuwa na awamu 48 kwa mwezi. Mara 28,000 ni 1,344,000. Toa 400,000, zinabaki 944,000. Gawa milioni 31.5 kwa hizo: miezi 33 na kitu. Tena mambo hayakai sawa mwezi wa kwanza. Mwezi huo wako watu 12 tu na kila mmoja ana awamu yake ya kwanza. Unaofuata zinakuwa 24, kisha 36, ndipo 48. Pengo hilo la mwanzo ni awamu 72, karibu milioni 2, ambazo zinasogeza jibu hadi miezi 35 au 36.

Miaka mitatu, basi. Muuzaji alisema miezi miwili na nusu.

Lakini mimi ningemwomba nesi asiitazame hiyo miaka mitatu kwanza. Atazame namba nyingine iliyojificha ndani yake. Ili kurudisha milioni 31.5 pamoja na gharama za kila mwezi katika kipindi hicho, anahitaji awamu zipatazo 1,630. Kwa awamu 4 kila mtu, ni watu 400 na kidogo. Watu 400 tofauti, kila mmoja akitoa 160,000 kwa ajili ya ndevu au nywele za kidevu, ndani ya umbali ambao mtu yuko tayari kulipa nauli kila baada ya wiki tano. Hesabu ya muuzaji nayo inasema hivyo hivyo ukiifungua: awamu 130 kwa mwezi zinahitaji watu wapya 32 kila mwezi, karibu 390 kwa mwaka mmoja, mwaka unaofuata 390 wengine. Hakuna anayekuonyesha watu hao walipo.

Berega ni nani atakayelipa? Orodha inaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Watumishi wa Hospitali ya Berega ya Kanisa Anglikana, walimu, watumishi wa kata, wafanyabiashara wachache wenye maduka makubwa, na wakulima waliouza vizuri mwaka huo. Wengi wa hao ni wanawake wasiokuwa na nywele za kidevu, au wanaume ambao ngozi yao haina tatizo. Wapo pia wale ambao leza haiwafai hata wakitaka: mwenye mvi, kwa sababu nywele nyeupe haina melanini ya kunyonya mwanga, mwenye historia ya makovu ya kuvimba, mwenye ngozi iliyoungua kwa krimu za kujichubua, ambaye kwanza aziache. Ukimaliza kuchuja, ukurasa hauna majina 400. Ukiwa mkarimu una 60.

Mtu anaweza kuniuliza, mbona hospitali hiyo hiyo inanunua mashine za gharama na zinafanya kazi? Mashine ya kupima wajawazito kwa mawimbi ya sauti inapata wateja wapya kila mwezi, kwa sababu kila mwezi kuna mimba mpya, na anayekwenda kupimwa anakwenda kwa haja ya afya. Bima ya afya inaweza kulipia kipimo kama hicho. Kuondoa ndevu bima hailipi, mteja anatoa mfukoni, na mwezi ambao mfuko ni mtupu anarudi kwa kinyozi wake bila aibu.

Mfuko wenyewe una misimu. Berega fedha inaonekana baada ya mavuno. Ukanda wa Mikumi, Ruhembe na Kidodi fedha inafuata miwa: wakulima wa nje wa Kampuni ya Sukari Kilombero wanalipwa wakati kiwanda kinasaga, na masika inapoingia barabara zinakatika na kiwanda kinasimama kwa matengenezo. Mikumi pia ina wafanyakazi wa hoteli na wa hifadhi, ambao msimu wao mkubwa ni Juni hadi Oktoba. Weka miezi ya masika kuwa nusu ya kawaida kwenye hesabu yako. Na kwa anayefikiria kufungua Kilosa mjini, akumbuke mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipoingia mitaani ukang'oa hata reli. Leza inayotegemea maji na umeme haiwekwi chumba cha chini karibu na mto huo. Reli ya kisasa nayo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma 2024 na yenye kituo Kilosa, wengi wanaihesabu kama baraka ya wateja. Inaweza kuwa hivyo. Lakini inawarahisishia wateja wenye fedha kwenda Morogoro kwa daktari wa ngozi kama inavyowarahisishia wa Morogoro kuja kwako, na sioni wa Morogoro wakija.

Kama leza ina mahali katika wilaya ya Kilosa, ni Mikumi, na mteja wake ni mtu anayelazimika kunyoa. Polisi, magereza, askari wa hifadhi: watu ambao kazi yao haiwaruhusu kufuga ndevu, na nywele zao zilizojikunja zinarudi kuchoma ngozi kila wanaponyoa. Hawa wana mshahara kila mwisho wa mwezi na tatizo lisilokwisha. Lakini hata Mikumi nisingenunua kwanza. Zipo kliniki za mjini zenye leza zinazokaa bila kazi siku kadhaa za wiki. Mwalike mwenye mashine pamoja na mtaalamu wake aje siku moja kila mwezi, mkubaliane mgawanyo, wewe kazi yako iwe kuandikisha watu na kuchukua malipo ya awali ya 10,000. Miezi sita ya namna hiyo inakupa jambo ambalo karatasi haikupi: wangapi walilipa, wangapi walirudi awamu ya pili, wangapi walitoweka kabla ya ya nne. Ukiona watu wapya wanapungua kila mwezi badala ya kuongezeka, umeshajibiwa, na hujapoteza mafao.

Malipo ya awali yanataka tahadhari. Wengi wanaouza huduma hii huuza vifurushi: awamu sita kwa 200,000, lipa sasa. Watu 20 wakinunua mwezi wa kwanza, droo ina milioni 4, na mwenye mashine anaanza kusema imelipa. Haijalipa kitu. Ana deni la awamu 120, na kila awamu ina gharama zake zinazokuja. Fedha ya kifurushi ihesabiwe siku huduma inapotolewa, awamu kwa awamu, na iliyobaki ikae akaunti yake. Kichwa cha mashine kikifa mwezi wa tatu, fundi yuko Dar es Salaam, kipuri kinatoka nje ya nchi, na watu 20 wanajua nyumbani kwako.

Kuna chaguo la pili ambalo nesi wetu alilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja gari la mkononi: ile kalamu ya sindano ndogo, ambayo wenye saluni huiita dermapeni. Ncha yake ina sindano nyembamba zinazopanda na kushuka kwa kasi, zikitoboa ngozi kina cha nusu milimita hadi milimita mbili na nusu, na ngozi inapojitengeneza upya makovu ya chunusi hujaa kidogo kidogo. Haitumii mwanga, kwa hiyo rangi ya ngozi si adui yake kama ilivyo kwa leza. Mwenye makovu ya kuvimba asiguswe. Mwenye chunusi zinazotoa usaha asubiri zipone.

Kalamu nzuri, mafunzo, taa na kitanda: tuseme milioni 2.5. Bei ya awamu 50,000. Ncha mpya ya sindano 8,000, dawa ya ganzi ya kupaka 5,000, glovu na maji ya chumvi 3,000, mtoa huduma 10,000. Zinabaki 24,000. Gharama za mwezi 100,000. Watu wapya 3 kwa mwezi, awamu 4 kila mmoja, ni awamu 12: 288,000, toa 100,000, zinabaki 188,000. Miezi 13 na siku chache, bila kuhesabu pengo la mwanzo. Na watu wanaohitajika hadi mtaji urudi ni 40. Kwa ukurasa wa daftari wenye majina 60, hii inaingia; ile ya 400 haiingii.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hesabu yenyewe inamshawishi mtu kulifanya. Ncha ya sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, inatupwa. Inakula 8,000 kila awamu. Mtu akiirudia kwa mteja wa pili baada ya kuisuuza kwa spiriti, kinachobaki kinapanda hadi 32,000 na mtaji unarudi kwa miezi 9 badala ya 13. Ni hapo ambapo huduma hii inageuka njia ya kuambukiza homa ya ini na VVU. Si hofu ya kubuni: mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa ripoti ya wateja walioambukizwa VVU katika saluni isiyo na leseni huko New Mexico, iliyokuwa ikifanya huduma ya sindano ndogo usoni pamoja na damu ya mteja, na ambayo ilifungwa mwaka 2018. Mwenye biashara ambaye hashiki kalamu mwenyewe ana njia moja rahisi ya kujua: idadi ya ncha zilizonunuliwa, ukitoa zilizoko kabatini, ilingane na idadi ya awamu daftarini. Ikipungua hata moja, simamisha kazi siku hiyo.

Upande mmoja bado haujaguswa, nao ni kwamba fedha ya nesi isipoingia kwenye mashine haikai bure. Mifuko ya UTT AMIS ipo, hatifungani za serikali zipo. Tuseme anapata asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 31.5 zinampa milioni 3.15 kila mwaka, na baada ya miaka mitatu ana milioni 9.45 juu ya mtaji wake, bila kuamka usiku umeme ukikatika. Kwa upande wa leza, baada ya miaka mitatu hiyo hiyo, kama kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa, amerudisha mtaji wake tu na ana mashine ya miaka mitatu ambayo dhamana yake iliisha zamani. Kurudisha mtaji si kupata faida. Kwa mashine yenye kichwa kinachoweza kufa wakati wowote na fundi aliye mbali, mimi binafsi sipokei muda unaozidi mara moja na nusu ya dhamana. Dhamana ya mwaka mmoja, basi miezi 18.

Kwa kipimo hicho leza ya Berega imekataliwa, na ingekataliwa hata kama muuzaji angeshusha bei hadi milioni 18, kwa sababu watu 400 wangepungua wakawa kama 300 na bado hawapo. Dermapeni inapita, mradi nesi apate majina 40 yaliyoandikwa kwa mkono wake, yenye namba za simu, kabla ya kutuma hata shilingi.